Futari ya mume wangu kwenye mizani

Nilipopima futari ya mume wangu kwa mara ya kwanza, kitu kimoja baada ya kingine, jumla ilifika karibu kalori 1,500. Hapo alikuwa amekula tende, sambusa na bakuli la supu, na kunywa juisi ya marakuja, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita pasheni. Bugali na sombe vilikuwa bado jikoni, vikimsubiri arudi kutoka tarawehe. Na daktari alikuwa amempa kikomo cha kalori 1,900 kwa siku nzima, daku ikiwemo. Maana yake zilibaki 400 tu, na usiku ulikuwa haujaanza.

Naandika haya kwa sababu najua tuko wengi. Ramadhani ya mwaka uliotangulia mume wangu aliimaliza akiwa mnene kuliko alivyoianza, na sisi sote nyumbani tukashangaa. Mtu anafunga kutwa, hapa Bukavu ni kama saa 13 kila siku bila kujali mwezi, maana tuko karibu na ikweta, halafu suruali zinambana siku ya Idi? Baadaye alipopimwa, sukari yake ya damu ilikuwa juu ya kawaida, ingawa haijafika kuitwa kisukari. Hakupewa dawa. Alipewa kikomo cha chakula na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Nasisitiza kwamba hatumii dawa, kwa sababu anayetumia insulini au vidonge vya sukari hawezi kufuata hesabu yangu peke yake. Huyo aonane na daktari wake kabla mwezi haujaandama, kwani hata saa za dawa hubadilika.

Nyumbani lawama zote zilikuwa juu ya tende. Mama mkwe alisema wazi: "Tende hizi ndizo zinamunenepesha mtoto wangu, zitoeni mezani." Mume wangu alihuzunika sana. Kufuturu kwa tende ni sunna, amezizoea tangu utoto, na kumwambia mtu aache kitu kama hicho bila kuwa na uhakika ni kumtia uchungu bure. Ndiyo maana niliamua kupima. Sikutaka kubishana na mama mkwe kwa maneno.

Mizani niliyonunua ni ile bapa ya jikoni inayotumia betri, inasoma gramu moja moja hadi kilo tano. Niliipata kwa dola 12 karibu na soko la Nyawera, muuzaji akiwa ameanza na 18. Kabla ya kuiamini, chukua chupa tupu, iweke juu, bonyeza TARE isome sifuri, kisha jaza maji lita moja uliyoyapima vizuri. Ikisoma gramu 1,000 au karibu sana na hapo, iko sawa. Betri ikianza kuisha namba hupanda na kushuka zenyewe, basi rudia jaribio hilo la maji kila ukiwa na shaka. Pia pima sufuria zako zikiwa tupu na uandike uzito wake kwa kalamu ya wino mzito chini ya kitako. Usiku wa futari hutapata nafasi ya kumwaga supu ili ujue sufuria ina uzito gani.

Tulianza na tende, kwa kuwa ndizo zilizoshtakiwa. Wifi yangu ndiye aliyechukua pakiti kwanza akasoma mgongoni, akatamka kwa sauti: "Elfu moja mia moja na themanini kwa gramu mia!" Mama mkwe akatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini pakiti nyingi zinazofika kwetu zimeandikwa kwa Kifaransa na zina namba mbili kwenye mstari mmoja: 1180 kJ / 282 kcal. Namba ya kwanza ni kilojuli. Ile ya pili, ya kcal, ndiyo tunayoiita kalori kila siku, na ndiyo iliyo kwenye kikomo cha daktari. Ukiwa na pakiti yenye kJ peke yake, gawanya kwa 4.184 utapata kalori. Kuchanganya hizi mbili kunaifanya tende ionekane mbaya mara nne kuliko ilivyo.

Kosa la pili ambalo ni rahisi kuingia ni kokwa. Namba ya pakiti ni ya nyama ya tende, kokwa halimo. Tende tatu za mume wangu, zile ndogo nyembamba za Tunisia, zilikuwa na gramu 27 pamoja na kokwa. Alipozila nikapima kokwa zenyewe, zikawa gramu 3. Alikula gramu 24, ukizidisha kwa 2.8 unapata kalori 67. Mimi naandika 70. Zile tende kubwa laini za Medjuli ni hadithi nyingine. Kwa gramu 100 hazitofautiani sana na hizi ndogo, ila moja tu inaweza kufika gramu 24 bila kokwa, kwa hiyo tatu zinakaribia 200. Basi ukiambiwa "kula tende tatu", uliza kwanza ni tende gani.

Nilimwonyesha mama mkwe namba ile. Kalori 70 kati ya 1,500. Hakusema kitu, lakini kesho yake aliziweka tende mezani yeye mwenyewe.

Sambusa ndiyo iliyonichukua muda mrefu, na ningependa mwenye haraka asiiruke. Nilijaribu kwanza kutafuta kwenye programu ya simu. Nikapata sambusa moja ina kalori chini ya 100, nyingine zaidi ya 250, zote zikiitwa jina lilelile. Hakuna aliyedanganya. Moja ni ya manda nyembamba yenye mboga, nyingine ni ya unga mnene na nyama ya mafuta, na ukubwa haufanani. Ya nyumbani kwako haimo humo. Inabidi uihesabu yote kwa pamoja, jungu zima, halafu ugawe kwa idadi.

Zangu zilikuwa 20. Unga wa ngano gramu 400, kila gramu 100 ina 364, hivyo karibu 1,460. Mafuta ndani ya unga vijiko viwili vikubwa, gramu 28, na kila gramu ya mafuta ni kalori 9, hivyo 250. Nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo ikiwa mbichi, yenye mafuta ya wastani, niliihesabu 215 kwa gramu 100, ikawa 1,075. Vitunguu gramu 200 ni 80 tu. Chumvi, pilipili, dania na maji ya kukandia havina cha kuhesabu. Hapo ndipo wengi huishia, wanagawa, na wanasahau mafuta ya kukaangia, ambayo hakuna anayeyaona yakiingia.

Kuyapima si kazi ngumu. Kabla ya kuwasha mbabula niliweka kikaangio na mafuta yake kwenye mizani: gramu 2,150. Nikakaanga zote. Nikaacha mafuta yapoe kabisa, kwa sababu kubeba mafuta ya moto kuyapeleka kwenye mizani ni kutafuta ajali, na plastiki ya mizani pia inaharibika. Yalipopoa nikapima tena: gramu 2,010. Zimepungua 140. Mvuke unaouona ukitoka wakati wa kukaanga ni maji ya unga na nyama, mafuta hayapotei kwa njia hiyo. Zile karatasi nilizotandika chini ya sambusa nilizipima kabla na baada, zilikuwa zimeongezeka gramu 20. Kwa hiyo gramu 120 za mafuta ziliingia ndani ya sambusa zenyewe, na hizo ni kalori 1,080.

Jumla ikawa 3,945. Gawa kwa 20, kila sambusa ni karibu 200. Mafuta ya kukandia na ya kukaangia peke yake ni theluthi ya hesabu hiyo, bila kugusa mafuta yaliyo kwenye nyama. Mume wangu alikula nne, kama anavyokula kila jioni, mbili kabla ya supu na mbili pamoja nayo. Kalori 800.

Kuna jambo moja nililoliona kwa kuwa nilikuwa tayari napima. Siku moja makala yalikuwa mabichi, moto hafifu, na wageni walikuwa njiani, hivyo wifi yangu akajaza kikaangio hadi sambusa zikapandana. Mafuta hayakuwa na ile sauti ya kuchemka kwa nguvu, mapovu yalikuwa madogo na ya uvivu, na sambusa zilikaa humo muda mrefu bila kugeuka rangi. Zilitoka zikiwa laini, vidole vinang'aa ukizishika. Nilipopima, mafuta yaliyoingia yalikuwa gramu 180 badala ya 120, kwa idadi ileile ya sambusa na unga uleule. Gramu 60 zaidi ni kalori 540, yaani 27 kwa kila moja. Kwa anayekula nne ni 108, sawa na karibu tende tano ndogo, na hakuna ladha yoyote aliyoongezewa.

Mtaalamu wa lishe wa kituo cha afya alinieleza sababu, nami nikaona kweli inalingana na nilichokiona. Sambusa ikiwa ndani ya mafuta yenye moto wa kutosha, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kusukuma kwenda nje, kwa hiyo mafuta hayapati njia rahisi ya kuingia. Mengi huingia baada ya kuitoa. Mvuke uliobaki ndani unapoa, unajivuta, na kunyonya mafuta yaliyoganda juu ya ngozi. Ndiyo maana sekunde za kwanza baada ya kutoa zina uzito. Itikise juu ya kikaangio, isimamishe kwenye chujio ukingo ukielekea chini, usiilaze kwenye sahani juu ya mwenzake. Nami siku hizi nakaanga tano tano, na kabla ya kutumbukiza naweka kipande kidogo cha unga. Kikipanda juu mara moja na kuzungukwa na mapovu, mafuta yako tayari. Kikizama na kukaa, nangoja.

Supu haina mambo mengi. Hesabu sufuria yote kisha upime bakuli. Yangu ilikuwa na nyama ya ng'ombe gramu 400 bila mifupa, viazi nusu kilo, karoti robo kilo, nyanya, kitunguu, na vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Jumla ilikuwa karibu 1,630. Mifupa niliitoa yote kabla ya kupima. Supu iliyoiva ilikuwa kilo tatu kamili ukiondoa uzito wa sufuria, kwa hiyo kila gramu ilibeba kalori 0.54, na bakuli la mume wangu la gramu 350 lilikuwa 190.

Watu huniuliza: je, ikichemka sana na maji kupungua? Jumla haibadiliki, kwa kuwa maji hayana kalori, ila kila bakuli linakuwa zito zaidi. Pima sufuria upya siku hiyo na ugawe upya. Kitu cha kuangalia zaidi ni upawa. Anayechotewa juu anapata maji na nyanya, anayechotewa chini anapata nyama na viazi, na namba ya wastani haiwafai wote wawili. Mimi nakoroga hadi chini kabla ya kuchota bakuli la anayehesabiwa, na naona inatosha. Supu ndiyo sehemu ya futari ambayo sikutaka kuipunguza hata kidogo. Inashibisha, ina maji na chumvi ambavyo mwili wa aliyefunga unavihitaji, na kwa kalori 190 haina ugomvi na mtu.

Basi tufike kwenye jagi. Juisi ya marakuja nyumbani kwetu ilikuwa inatengenezwa na shangazi yake mume wangu, na kila anayekuja anaisifu. Sikutaka kumuudhi. Nilimwomba tu aniruhusu niweke bakuli la sukari kwenye mizani kabla ya kumimina. Aliniambia: "Unapima sukari kama watu wa dhahabu?" lakini aliniruhusu. Marakuja zilizokamuliwa na kuchujwa zilitoa gramu 400 za maji yake, hizo ni kalori 220 hivi. Sukari ilikuwa kikombe kimoja na nusu, yaani gramu 300. Kwa kalori 4 kila gramu, 1,200. Jagi likajazwa maji hadi lita mbili na nusu. Jumla 1,420, na kati ya hizo matunda yalichangia chini ya moja kwa sita.

Kilichonishtua zaidi ni gilasi. Tulikuwa tunasema "gilasi mbili" kana kwamba gilasi zote ni sawa. Niliiweka ile ya mume wangu kwenye mizani, nikabonyeza TARE, nikaijaza maji hadi pale anapoijaza juisi. Ikasoma gramu 400, yaani mililita 400. Programu ya simu ilikuwa inahesabu gilasi moja kuwa mililita 240 au 250. Kwa juisi ile, gilasi moja ya kwake ni kalori 227, mbili ni karibu 455. Na alikuwa anazinywa ndani ya dakika chache, kabla hata ya kuketi vizuri, kwa sababu ya kiu.

Hapa kalori peke yake hazisemi yote. Gilasi moja ile ilikuwa na gramu 48 za sukari ya kutia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kutia pamoja na ile ya juisi isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kalori 1,900 hizo ni gramu 47 au 48. Gilasi ya kwanza ilikuwa inamaliza sehemu yake ya siku nzima, na tumbo lilikuwa tupu tangu alfajiri, kwa hiyo sukari iliingia kwenye damu haraka bila kitu cha kuipunguzia mwendo. Tende pia zina sukari nyingi, ni kweli, lakini tatu ndogo zina gramu 15 au 16 hivi, zinakuja na nyuzinyuzi, na zinatafunwa.

Sasa jumlisha: tende 70, sambusa 800, supu 190, juisi 455. Ni 1,515. Usiizingatie ile 15 ya mwisho. Nyama ya kusaga ya leo haina mafuta sawa na ya kesho, marakuja hutofautiana, na mizani ya dola 12 ni mizani ya dola 12. Nachukulia kwamba jumla yangu inaweza kupotea kwa moja ya kumi kwenda juu au chini. Hata ikipotea hivyo, picha haibadiliki. Sambusa na juisi ndizo zaidi ya nne kwa tano ya futari, na tende zilizokuwa zinalaumiwa hazifiki moja ya ishirini.

Usiku ule nilipomwonyesha karatasi, mume wangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: alikuwa anajiona ni mtu asiye na subira, anayefunga vibaya, kumbe alikuwa anakunywa sukari bila kuijua. Nilimhurumia. Na nikaona kwamba njia ya kufanya kazi hii ni kugusa vitu viwili tu na kuacha vingine vyote kama vilivyo.

Kwa juisi nilizungumza na shangazi. Hakutaka kupunguza sukari kwa sababu marakuja ni kali, na alikuwa na haki. Ukipunguza sukari peke yake juisi inakuwa chachu, watu wanaikataa, na kesho kikombe kinarudi. Ukali wa tunda ndio unaoita sukari. Kwa hiyo tulipunguza vyote viwili pamoja, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, hadi tukafika gramu 300 za marakuja na gramu 120 za sukari kwa jagi lilelile la lita mbili na nusu. Jambo jingine lililosaidia ni kuitia sukari na kuionja kabla jagi halijaingia kwenye friji. Kitu baridi sana hakionyeshi utamu wake, na anayeonja kikiwa baridi huongeza tu. Jagi sasa lina karibu kalori 645. Mume wangu anafuturu kwa tende na gilasi kubwa ya maji, anaswali magharibi, na akirudi mezani kiu imepungua. Anakunywa gilasi mbili za mililita 250, ambazo ni 130.

Kwa sambusa tulikubaliana mbili. Hili lilikuwa gumu kuliko yote, na siku za kwanza alikuwa anaangalia sahani ya watoto. Sikumwongezea maneno. Nilihamisha sambusa zikae upande wa mwisho, baada ya supu, kwa sababu aliyekunywa supu kwanza hazifikii sambusa akiwa na njaa ileile. Mbili ni 400.

Futari mpya: tende 70, supu 190, sambusa 400, juisi 130. Karibu 800. Zimebaki 1,100 kwa bugali ya usiku na daku, na kwa kalori hizo mtu anakula vizuri, sombe ikiwemo, mradi mawese yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa. Mwisho wa mwezi mizani ya kupimia watu ilionyesha amepungua kidogo. Sisemi mengi juu ya hilo, kwa kuwa baada ya kufunga mwili huwa umepoteza maji pia. Nilichokijali ni kwamba hakuongezeka.

Shida iliyobaki ni mialiko. Ramadhani Bukavu watu wanaalikana, sahani zinapita kutoka nyumba hadi nyumba, na kwenda kwa mtu na mizani ni kumvunjia heshima. Huko tunatumia macho na namba chache alizozikariri: sambusa ya ukubwa wa kawaida ya nyama ahesabu 200, na zikiwa zinaacha mafuta kwenye vidole aongeze 30. Bakuli la supu ya nyama na viazi ahesabu 200, na likiwa na maziwa ya nazi au krimu aongeze nusu yake. Juisi ya mtu mwingine aihesabu kama ile yetu ya zamani, karibu kalori 60 kwa kila mililita 100, hadi aionje na kuona vinginevyo. Ameamua mwenyewe kwamba ugenini atakunywa gilasi moja na kuomba maji, na hakuna mwenyeji aliyewahi kukasirika.

Wanaofuturu kwa uji badala ya supu wanaweza kufuata njia hiyohiyo ya sufuria. Uji wa mahindi wa gramu 150 za unga una kalori 540 hivi, sukari gramu 100 ni 400, jumla 940. Ukiiva na kuwa gramu 1,800 bila uzito wa sufuria, kikombe cha gramu 250 ni 130. Uji ukiendelea kuwa mzito jikoni, upime upya kabla ya kugawa. Na kama unga umechanganywa na soya au karanga, usitumie namba ya mahindi. Soma ya kcal kwenye pakiti, au pima kila unga peke yake kabla ya kuuchanganya, kwa sababu soya na karanga zina mafuta yake ndani.